Feni 12 mbovu zimerudi kwa saplaya, mbona kompyuta bado inasema zipo stoo?

Hesabu ya stoo ya mwisho wa mwaka imefika. Kompyuta inasema kuna feni za dari 32, lakini mtunza stoo akihesabu mara mbili, mara tatu, anapata 20. Feni 12 hazipo. Mwenye duka anataka kujua ziko wapi, na jicho la kwanza linamwangukia mwenye funguo.

Kijana anakumbuka vizuri: zile 12 zilikuwa mbovu, dereva wa saplaya alikuja akazibeba miezi minne iliyopita, na hata alitia sahihi kwenye daftari. Daftari lenyewe ndilo halionekani.

Duka hili ni la mfano, tuliweke Mombasa, lakini mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi stoo anajua kisa chenyewe. Bidhaa zimerudi kweli, ila kwenye mfumo hazikurudi. Na kosa la namna hii huwa na upande wa pili ambao kijana wa stoo hauoni: kwa kuwa mfumo haukujua chochote, mhasibu alilipa ankara nzima. Yaani duka limepoteza feni na pesa kwa mpigo mmoja, halafu linataka kumkata mshahara mtu asiye na hatia.

Tutaifuata safari ya feni hizo ndani ya ERPNext, mojawapo ya mifumo ya ERP ambayo programu yake ni huria na mtu anaweza kuisakinisha bila kulipia leseni. Mifumo mingine ina majina tofauti ya vitufe, ila mantiki ni hiyo hiyo.

Mzigo ulipoingia

Duka liliagiza feni 60 kwa Sh2,500 kila moja. Hiyo ni Sh150,000. Ongeza VAT ya Kenya, asilimia 16, ambayo ni Sh24,000, jumla inakuwa Sh174,000.

Lori lilipofika, mtunza stoo aliingiza hati ya mapokezi inayoitwa Purchase Receipt. Hapo mfumo ulifanya mambo mawili kimyakimya. Uliongeza feni 60 kwenye stoo, na kwenye vitabu ukaandika kwamba mali ya Sh150,000 imeingia. Lakini mali haiwezi kuingia bila upande wa pili kuandikwa, na ankara ya saplaya ilikuwa bado haijafika. Kwa hivyo mfumo uliiweka ile Sh150,000 kwenye akaunti ya kungojea inayoitwa Stock Received But Not Billed, maana yake mzigo umepokelewa lakini bado haujaletewa ankara.

Shika jina la akaunti hiyo. Ndiyo itakayotuambia ukweli baadaye.

Siku mbili mbele ankara ikaja, mhasibu akaiingiza kama Purchase Invoice. Ile Sh150,000 ikatoka kwenye akaunti ya kungojea, VAT ya Sh24,000 ikaandikwa kama ushuru ambao duka litadai, na deni la Sh174,000 likasimama kwa jina la saplaya kwenye akaunti ya Creditors, yaani wadai. Akaunti ya kungojea ikarudi sifuri. Mpaka hapo kila kitu kiko sawa.

Wiki moja baadaye hoteli moja ikataka feni, ila ikasisitiza zijaribiwe kwanza. Fundi akaanza kuzichomeka moja moja. Nyingine zinazunguka vizuri, nyingine zinanguruma na mota inapata moto. Alipomaliza zote 60, mbovu zilikuwa 12.

Kwanza, zitenge

Kabla hata saplaya hajapigiwa simu, kuna hatua ndogo ambayo maduka mengi huiruka. Feni mbovu zikiendelea kusomeka kwenye stoo ya kawaida, muuzaji wa mbele ataona 60 kwenye skrini na kumuahidi mteja kitu kisichouzika.

Dawa yake ni kufungua stoo ya pili ndani ya mfumo, hata kama kwa macho ni kona tu ya chumba kile kile. Ipe jina kama Stoo ya Mbovu. Kisha ingiza Stock Entry ya aina ya Material Transfer, ukihamisha feni 12 kutoka stoo kuu. Thamani ya mali haibadiliki na deni haliguswi, kwa sababu feni bado ni za duka. Zimehama kona tu. Lakini muuzaji sasa anaona 48, na hiyo ndiyo idadi anayoweza kuuza.

Tofauti ni pale ubovu unapogunduliwa mlangoni, lori likiwa bado linashusha mzigo. Hapo Purchase Receipt yenyewe ina sehemu mbili, Accepted Quantity na Rejected Quantity, na zile zilizokataliwa huelekezwa stoo yake kuanzia mwanzo. Angalia tu mipangilio ya manunuzi, Buying Settings, maana kuna kisanduku kinachoamua kama bidhaa zilizokataliwa zitaingizwa kwenye ankara au la. Duka letu halikubahatika kugundua mapema, kwa hiyo turudi kwenye njia ndefu.

Upande wa stoo: bidhaa zinatoka

Saplaya amekubali kosa na dereva amekuja na pikapu. Sasa ndipo mfumo unapaswa kuguswa, siku hiyo hiyo, kabla pikapu haijaondoka.

Mtunza stoo anafungua ile Purchase Receipt ya mwanzo, iliyoingiza feni 60. Haanzishi hati mpya kutoka hewani. Kwenye kitufe cha Create anachagua Purchase Return, na mfumo unamtengenezea hati ya kurudisha. Ukiiangalia inafanana sana na hati ya mapokezi, ila kisanduku cha Is Return kimewekwa alama, sehemu ya Return Against inaonyesha namba ya hati ya mwanzo, na idadi ina alama ya kutoa mbele yake.

Hapa kuna mtego. Mfumo hukuletea mzigo wote, yaani -60. Haujui ni ngapi mbovu. Lazima mtu abadilishe iwe -12, na abadilishe stoo kwenye mstari huo isomeke Stoo ya Mbovu, kwa kuwa ndiko feni ziliko. Mwenye haraka akibonyeza Submit bila kusoma, anaweza kurudisha kwenye makaratasi feni ambazo ziko dukani zinauzwa.

Baada ya Submit, feni 12 zinatoka kwenye stoo na mali inapungua kwa Sh30,000, bei ile ile zilizoingia nayo. Upande wa pili wa hiyo Sh30,000 haujaenda kwa saplaya bado. Umeenda kwenye ile akaunti ya kungojea, Stock Received But Not Billed, safari hii kwa upande wa debiti.

Ukiwa hapo, chapisha hati hiyo nakala mbili na dereva atie sahihi zote. Moja inabaki dukani. Daftari linaweza kupotea, lakini namba ya hati iliyo kwenye mfumo na karatasi yenye sahihi ya dereva vikiwa pamoja, ubishi unaisha mapema.

Upande wa deni: noti ya debiti

Watu wengi huishia hapo juu na kuona kazi imekwisha. Haijaisha. Kwenye vitabu, saplaya bado anadai Sh174,000 zote, na mhasibu akichapisha orodha ya malipo ya Ijumaa ataona kiasi hicho.

Kazi ya pili ni ya mhasibu. Anafungua Purchase Invoice ya mwanzo, anabonyeza Create, kisha Return / Debit Note. Hii ndiyo noti ya debiti: hati ambayo mnunuzi anaitoa kumwambia muuzaji, "Nimekurudishia mali ya kiasi hiki, kwa hivyo nimepunguza deni lako kwa kiasi hiki." Inaitwa hivyo kwa sababu inadebiti akaunti ya saplaya, yaani inapunguza kile anachodai.

Mtego ni ule ule. Idadi inakuja -60, mhasibu anaiweka -12. VAT inajipiga yenyewe: asilimia 16 ya Sh30,000 ni Sh4,800. Jumla ya noti ni Sh34,800. Ikishapitishwa, leja inasomeka hivi:

```
Creditors                       Dr  34,800
Stock Received But Not Billed   Cr  30,000
VAT                             Cr   4,800
```

Deni la saplaya limeshuka kutoka Sh174,000 hadi Sh139,200, ambayo ndiyo bei ya feni 48 pamoja na ushuru wake. VAT ambayo duka lilitarajia kudai imepungua kwa Sh4,800, kwa sababu huwezi kudai ushuru wa mali uliyoirudisha. Na ile akaunti ya kungojea, iliyokuwa na debiti ya Sh30,000 kutoka stoo, imepata krediti ya Sh30,000 kutoka kwa mhasibu. Imerudi sifuri.

Sifuri hiyo ndiyo ishara kwamba hati mbili zimekutana.

Swali ambalo makarani huuliza ni hili: kwa nini isiwe hati moja tu? Inaweza kuwa moja, ila kama manunuzi yenyewe yaliingizwa kwa hati moja. Kwenye Purchase Invoice kuna kisanduku cha Update Stock. Duka dogo lisilo na mtunza stoo wa kudumu hukiweka alama na ankara hiyo hiyo ikaingiza bidhaa. Hapo noti ya debiti nayo itatoa bidhaa na kupunguza deni kwa wakati mmoja. Lakini kama mzigo uliingia kwa Purchase Receipt, basi unatoka kwa hati mbili. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba mali hutoka kwa mlango ilioingilia.

Kama ankara ilishalipwa

Tuseme mhasibu alikuwa ameshalipa Sh174,000 zote kabla fundi hajagundua ubovu. Noti ya debiti bado inatolewa vile vile, ila sasa haina deni la kupunguza kwenye ankara ile. Akaunti ya saplaya itasomeka -34,800, yaani yeye ndiye mwenye kudaiwa.

Kuna njia mbili kutoka hapo. Akirudisha pesa, mhasibu anaingiza Payment Entry ya aina ya Receive, huku upande wa mhusika akichagua Supplier. Inaonekana ajabu kupokea pesa kutoka kwa mtu unayemlipa kila mwezi, lakini ndivyo ilivyo. Njia ya pili, ambayo ndiyo ya kawaida kwa wafanyabiashara wanaojuana, ni kusubiri ankara inayofuata. Ikija ya, tuseme, Sh100,000, mhasibu anafungua Payment Reconciliation, anaoanisha noti na ankara hiyo, na duka linalipa Sh65,200 tu.

Katika matoleo mapya ya ERPNext, kwenye noti ya debiti kuna kisanduku cha Update Outstanding for Self. Kikiwa na alama, noti inasimama peke yake kama salio la kutoa mpaka uioanishe kwa mkono. Ukikiondoa alama, inakata moja kwa moja deni la ankara ya mwanzo. Kwa ankara ambayo haijalipwa, kukiondoa ni rahisi zaidi. Usipokielewa, utaona ankara bado inadai Sh174,000 na utadhani noti haikufanya kazi, kumbe ipo imekaa pembeni inakungoja.

KRA haiijui noti yako

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, na lugha yenyewe inachangia. Noti ya debiti ambayo duka limetoa ni hati ya ndani, na pia ni ujumbe kwa saplaya. Kwa upande wa ushuru, hati yenye nguvu ni noti ya krediti ambayo saplaya anaitoa. Sheria ya VAT ya Kenya ya 2013 inasema bidhaa zikirudishwa baada ya ankara ya ushuru kutolewa, ni muuzaji anayepaswa kutoa noti ya krediti, na anapewa miezi sita tangu siku ya ankara ile. Noti ya debiti inayotajwa na sheria hiyo ni kitu kingine kabisa: ni ya muuzaji anapoongeza bei baada ya kutoa ankara.

Kwa hivyo ankara ya feni 60 ikiwa imeshapita kwenye eTIMS, saplaya anatakiwa kutoa noti ya krediti ya Sh34,800 humo humo, ikitaja ankara ya mwanzo. Mhasibu aidai mapema. Ikija, namba yake inaandikwa kwenye noti ya debiti ya duka, kwenye sehemu ya Supplier Invoice No, ili siku mtu akiuliza, hati mbili zipatikane pamoja.

Kwa sababu hii pia, ni vyema kuingiza ankara ya saplaya nzima nzima, Sh174,000, kisha kutoa noti, hata kama feni zilirudi kabla ankara haijaingizwa. Kishawishi ni kuandika ankara ya feni 48 na kumaliza. Lakini karatasi ya saplaya na rekodi ya eTIMS zinasema 60, na vitabu vya duka havitaoana na chochote.

Jinsi mambo yanavyoharibika

Turudi kwa kijana wetu wa stoo. Kosa katika duka lake lilikuwa rahisi: hakuna hati hata moja iliyoingizwa. Kosa hilo huonekana siku ya kuhesabu mali, na huonekana vibaya, kwa sababu upungufu unafanana na wizi. Kabla ya kumshika mtu, pigia saplaya simu umuombe taarifa ya akaunti yake. Kama yeye alitoa noti ya krediti, itakuwa imeandikwa humo.

Kuna wanaoingiza hati ya stoo pekee. Hapo idadi ya feni inakuwa sahihi, kila mtu anafurahi, na duka linalipa Sh34,800 za bure. Kosa hili halipigi kelele. Halionekani stoo, wala kwa saplaya ambaye amepokea pesa zake kamili. Linaonekana tu ukifungua General Ledger ya Stock Received But Not Billed na kukuta debiti ya Sh30,000 imekaa miezi bila mwenzake.

Kinyume chake ni mhasibu aliyetoa noti ya debiti wakati feni bado ziko kona ya stoo, dereva hajaja. Akaunti ya kungojea itaonyesha krediti ya Sh30,000, na saplaya atapiga simu kuuliza kwa nini amekatwa pesa za mali ambayo hajaiona.

Ila kosa gumu kuliko yote ni la mtu mwenye nia njema. Karani anaona kompyuta inasema 32 na stoo kuna 20, anaamua "kurekebisha" kwa Stock Entry ya aina ya Material Issue, anatoa feni 12. Namba zimeoana. Lakini mfumo hauoni uhusiano wowote kati ya hati hiyo na saplaya, kwa hiyo unaandika Sh30,000 kama gharama ya duka, kwenye akaunti ya Stock Adjustment. Baadaye mhasibu akitoa noti ya debiti, ile Sh30,000 ya krediti inabaki inaning'inia kwenye akaunti ya kungojea, huku faida ya mwezi ikiwa imepungua kwa hasara ambayo haikutokea. Marekebisho yake ni kuifuta ile Material Issue kwa Cancel, kisha kutoa Purchase Return kutoka kwenye hati ya mwanzo.

Na saplaya akileta feni mpya badala ya pesa?

Hili hutokea sana, na watu husema basi hakuna haja ya kuandika, kumi na mbili zimetoka, kumi na mbili zimeingia. Tatizo ni kwamba haziji siku moja. Zinaweza kuchelewa mwezi mzima, na mwezi huo wote stoo itakuwa inadanganya.

Toa Purchase Return siku mbovu zinapoondoka. Kama mzigo wa kwanza uliingia kwa oda ya manunuzi, oda itafunguka tena na kuonyesha zimepokelewa 48 kati ya 60, hivyo zile mpya 12 zikija zinaingizwa kwa Purchase Receipt ya oda hiyo hiyo. Debiti ya Sh30,000 iliyokuwa inangoja inakutana na krediti ya mzigo mpya na akaunti inarudi sifuri, bila noti ya debiti, kwa sababu deni la Sh174,000 limebaki halali. Asije mtu akaziingizia feni hizo ankara nyingine tu. Na zikifika, fundi azichomeke zote kabla dereva hajaondoka.